Bei ya Mzigo Ujao

Jumatatu, 3 Oktoba 2011

Nimempigia mwenye jumla saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijafungua mlango. Jerikeni la mafuta ya kupikia, lile la lita 20, katikati ya Septemba nilimlipa 3,000. Leo anataka 3,200. Nikamuuliza kama mafuta ni yale yale. "Ni yale yale, Mama Duka. Iliyobadilika ni dola."

Nimekaa na kalamu. Ukigawa lita 20 kwa robo unapata robo 80, lakini hiyo ni hesabu ya darasani. Dukani mengine hubaki yamenata kwenye jerikeni, mengine humwagika, na mengine ni lile tone la mwisho ambalo mteja husimama kulingoja na huwezi kumnyima. Mimi hupata robo 78. Robo moja nimekuwa nikiuza 40, kwa hiyo jerikeni zima huniletea 3,120. Nililinunua 3,000, kwa hiyo kwenye karatasi nina faida ya 120. Nikizichukua hizo 3,120 leo niende mjini, sinunui jerikeni. Napungukiwa na 80. Yaani nitakuwa nimeuza mafuta yote, nimehesabu faida, na duka limepungua jerikeni moja.

Kwa hiyo robo leo ni 45. Nimebandua vile vipande vya katoni nilivyokuwa nikiandikia bei kwa kalamu, nimetundika ubao mweusi ukutani. Kwa mambo haya ya kubadilika kila siku, chaki ni rahisi kuliko katoni.

Wa kwanza kuuona ubao ni mama wa maandazi, ambaye huja kabla ya jua kwa sababu wateja wake ni wajenzi wanaoenda mjini kwa miguu.

"Mama Duka, jerikeni hilo nimeliona hapo hapo tangu Ijumaa. Limepandaje bei likiwa limekaa?"

"Halikupanda hilo, mama. Limepanda litakalokuja. Nikikuuzia hili kwa 40, keshokutwa utanikuta nimekaa na jerikeni tupu."

"Kwa hiyo mimi ndiye nikununulie hilo lingine?"

Kweli hivyo ndivyo ilivyo, na sikumficha. Alinunua robo tatu badala ya nne. Maandazi ya leo yatakuwa madogo, naye pia ana mteja atakayemuuliza swali hilo hilo.

Jambo moja nimelipanga jioni hii. Mafuta niliyokuwa nayo asubuhi ni jerikeni moja na nusu, robo 117. Kwa kila robo nimeongeza shilingi 5, na zote zikiisha hizo nyongeza zitakuwa 585. Pesa hizo zinafanana na faida lakini si faida, kwa sababu tayari zina kazi, na kazi yake ni kuongezea bei ya jerikeni lijalo. Nimeziwekea kopo lake, kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Pesa za kopo hazinunui mboga wala hazilipi karo. Nimemwambia binti yangu hivyo hivyo, naye amelisukuma nyuma ya magunia ya chumvi.

Jumatano, 5 Oktoba

Redio ya jioni imesema Benki Kuu imepandisha riba yake kutoka asilimia 7 hadi 11 kwa mkupuo mmoja. Mwalimu, ambaye hununua gazeti kwangu na kulisoma papo hapo akiwa amesimama, alinieleza kwa lugha yangu.

Nchi yetu hununua kutoka nje vitu vingi kuliko inavyouza. Dola tunazipata kwa chai, maua, watalii na pesa za ndugu walioko ng'ambo. Mwaka huu mafuta ya petroli yako juu duniani, ukame umetufanya tuagize chakula, na wanunuzi wetu wa Ulaya wana shida ya madeni yao wenyewe. Dola zinatafutwa na wengi na zinazoingia ni chache. Januari dola moja ilikuwa karibu shilingi 80, na mwisho wa mwezi uliopita ilivuka 100. Na kwa kuwa kukopa shilingi kulikuwa rahisi, wako waliokopa shilingi wakanunua dola na kukaa nazo wakisubiri zipande. Riba ikipanda, mchezo huo unakuwa ghali.

"Kwa hiyo mafuta yangu yatashuka?"

"Yatashuka, Mama Duka, lakini si kesho."

Kesho kweli haimo. Kabla ya kufunga nilimpigia mwenye jumla na jerikeni lilikuwa 3,250. Mafuta haya ni ya mawese. Yanatoka Malaysia na Indonesia kwa meli hadi Mombasa, na kiwanda kinayalipia kwa dola. Mwenye kiwanda akipandisha, anafikiria meli inayokuja, si tangi lililojaa. Mwenye jumla anafikiria lori linalokuja. Na mimi nafikiria jerikeni linalokuja. Kuanzia bandarini hadi hapa kwetu Nyalenda, kila mtu anauza cha jana kwa bei ya kesho, na anayeshindwa kufanya hivyo ni mteja peke yake, maana yeye mshahara wake ni wa jana.

Robo nimeiacha 45. Kwa bei hiyo jerikeni linaleta 3,510, na 3,250 inaingia humo vizuri.

Ijumaa, 7 Oktoba

Tatizo la leo ni sarafu ya shilingi 10. Hapa Nyalenda walio wengi hawanunui robo. Wananunua mafuta ya 10, sukari ya 10, majani ya chai ya 5. Huyo huwezi kumwambia mafuta yamekuwa shilingi 11 na senti, kwa sababu mkononi ana sarafu moja na ndiyo hiyo. Bei yake haisogei. Kinachosogea ni kipimo.

Kipimo changu cha 10 kilikuwa kikopo cha mililita 60. Robo ilipokuwa 40 kilikuwa sawa. Kwa robo ya 45, shilingi 10 zinanunua kama mililita 55. Nilichukua chupa ndogo ya plastiki, nikapima maji kwa kijiko cha dawa ya mtoto, kile cha mililita 5, vijiko 11 hesabu kamili. Nikatia alama kwa kalamu pale maji yalipofika, nikapasha kisu kwenye jiko na kukata juu ya alama. Nikarudia kupima mara mbili, kwa sababu ukingo wa plastiki ukiungua hujikunja na kula mililita mbili tatu.

Kikopo cha zamani sikukificha. Viwili vyote nimeviweka mezani, kimoja kando ya kingine, na anayeuliza namwonyesha. Kuna wenye maduka wanaokandamiza sehemu ya chini ya kikopo kile kile ili kiingize kidogo bila mtu kujua. Mteja wa mafuta ya 10 hupika kila siku na anajua yanafika wapi kwenye sufuria. Siku ya pili anajua, siku ya tatu yuko duka lingine. Na kipimo cha robo hakiguswi hata kidogo. Robo ni robo mwaka mzima, inayobadilika ni bei yake.

Jioni nimegawa ubao kwa mistari mitatu.

Mstari wa kwanza ni vitu vya dola: mafuta ya kupikia, sabuni ya mche ambayo nayo ni mawese, mchele wa Pakistani, unga wa ngano, betri. Hivi navipigia simu kila asubuhi.

Mstari wa pili ni vitu vyenye kalenda yake. Sukari iko karibu 200 kwa kilo, na watu wanailaumu dola, ingawa Kibos, Chemelil na Muhoroni ziko hapa hapa kwetu. Hiyo ni miwa iliyokosekana viwandani. Unga wa mahindi unangoja mavuno ya Kitale. Hivi navitazama kila wiki.

Mstari wa tatu ni vitu ambavyo bei yake sipangi mimi: kadi za simu, gazeti, maziwa ya pakiti. Kadi ya 20 ni 20, dola ipande au ishuke. Mtoto wa jirani aliuliza kama kadi ya 20 sasa ni 25, na watu wote dukani walicheka. Lakini swali lake lilikuwa na akili, maana ameona kila kitu kingine kikipanda.

Jumanne, 11 Oktoba

Leo imekuwa siku yenyewe. Redio imesema dola imefika 107, kiwango ambacho shilingi ilikuwa haijawahi kukifikia.

Nilipopiga simu asubuhi mwenye jumla alikataa kunitajia bei. "Njoo na pesa, bei utaikuta hapa." Hiyo ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko namba yoyote ya redioni. Bei ikipanda, muuzaji anakwambia imepanda. Bei ikikimbia, anaacha kuitaja kabisa, kwa sababu anaogopa kufungwa na neno lake la saa mbili asubuhi itakapofika saa sita.

Nilipanda pikipiki hadi mjini na pesa za mauzo ya siku tatu. Dukani kwake watu walijaa mpaka barazani, nusu yao sijawahi kuwaona wakinunua kwa jumla. Jerikeni 3,450. Nikachukua mawili, mawili tu, ingawa mtu aliyekuwa nyuma yangu alinishauri nichukue yote ninayoweza kubeba kwa sababu "wiki ijayo ni elfu nne". Sikuwa na sababu ya kumwamini wala ya kumbishia. Nilijua tu kwamba mawili nitayauza kabla ya wiki mbili, na kumi yangekaa nyumbani yakinisubiri mimi nibahatishe.

Nilifanya hesabu nikiwa nyuma ya pikipiki. Robo ikibaki 45, jerikeni linaleta 3,510. Ukitoa 3,450 zinabaki 60. Hizo hazilipi hata nauli ya kulileta. Kwa 50 linaleta 3,900, na hapo nina 450 kwa jerikeni. Ni nyingi kuliko nilivyozoea, na nimejiuliza kama ni haki. Lakini hakuna sarafu ninayoweza kutumia kati ya 45 na 50 bila kugombana na chenji siku nzima, na kesho asubuhi sijui nitaambiwa ngapi. Nimeandika 50. Kikopo cha 10 kimekuwa mililita 50, vijiko kumi vya dawa.

Mafuta ya zamani yalikuwa yamebaki robo 40. Nyongeza ya shilingi 5 kwa kila robo, jumla 200, imeingia kwenye kopo. Kopo sasa lina 785.

Jumatano, 12 Oktoba

Fundi baiskeli amepita akasema yeye ameachana na mafuta na mchele wa wageni. "Mimi nakula omena, Mama Duka. Omena hajui dola. Ni wa ziwa letu."

Omena leo hayupo. Mwezi ni mpevu. Wavuvi huwavuta omena usiku kwa mwanga wa karabai, na mwezi ukiwaka mbinguni taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki. Katika siku hizi za mwezi mweupe omena hupanda bei kila mwezi, dola au pasipo dola.

Lakini mvuvi wa Dunga, ambaye huja kununua sigara na sabuni, alikuwepo akamsikia. Akamweleza taratibu. Karabai linawaka kwa mafuta taa usiku kucha, na mtumbwi mmoja unatoka na taa kadhaa. Mafuta taa yanatoka nje ya nchi na yamepanda tangu mwanzo wa mwaka. Wenye injini wanaongeza petroli. Kabla mgao wa usiku haujafanywa, mafuta yanatolewa kwanza, na kinachobaki ndicho wanachogawana mwenye mtumbwi na wavuvi. "Omena hajui dola," akasema, "lakini taa yangu inaijua."

Fundi hakujibu. Alinunua mafuta ya 10, akakitazama kikopo kipya, akasema kitu kwa Kijaluo ambacho sitakiandika.

Jumatatu, 17 Oktoba

Redio yote ni habari za jeshi letu kuingia Somalia. Watu wanasema vita vitaishusha shilingi zaidi. Mwenye jumla hajapandisha, jerikeni bado 3,450. Leo nataka kuandika kuhusu madeni, kwa sababu ndipo duka linapovuja bila mtu kuona.

Daftari la madeni lina watu wa namna mbili. Wa kwanza hulipa Jumamosi, siku ya ujira. Wa pili hulipa mwisho wa mwezi. Mwenye deni la wiki akichukua robo kwa 45 na kulipa 45, ninapoteza kidogo au sipotezi. Mwenye deni la mwezi alichukua robo kwa 40 mwanzoni mwa Septemba, na nilipopokea 40 zake mwanzoni mwa Oktoba hazikununua robo tena. Kwa maneno mengine nimemkopesha mafuta, naye amenirudishia mafuta pungufu, na hakuna aliyedanganya.

Nilifikiria kuandika deni kwa vitu. Badala ya "200" niandike "robo tano", alipe kwa bei ya siku ya kulipa. Nikamshauri mzee wa mtaa, ambaye watu humpelekea ugomvi wa nyumba za kupanga.

"Jaduong', hiyo si haki?"

"Inaweza kuwa haki, binti yangu, lakini haitakaa. Mtu alichukua akisikia arobaini. Ukimwambia alipe hamsini, atakachosikia ni riba. Na atakwambia, ikishuka je? Utampunguzia?"

"Nitampunguzia."

"Wewe unajua hivyo. Yeye hajui. Deni la shilingi lilipwe kwa shilingi. Wewe punguza muda, usiguse namba."

Nimemsikiliza. Kuanzia leo vitu vya mstari wa kwanza havikopeshwi kupita Jumamosi. Chumvi, kiberiti na majani ya chai mtu anaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Mwalimu, ambaye hulipwa mwisho wa mwezi na ni mwaminifu kuliko wote, ndiye sheria hii imemwumiza zaidi. Nilimwambia ana kwa ana kabla hajasoma ubaoni. Alinyamaza kidogo akasema, "Mshahara wangu nao ni deni la mwezi, Mama Duka. Serikali inanilipa Oktoba kwa shilingi za Januari."

Jumanne, 1 Novemba

Benki Kuu imepandisha tena, kutoka 11 hadi asilimia 16.5. Mwalimu anasema safari hii wamekusudia. Takwimu za mfumuko wa bei za Oktoba zimetoka pia, asilimia 18.91 kwa mwaka. Nilimwonyesha bei yangu ya robo tangu Septemba, kutoka 40 hadi 50. Hiyo ni robo nzima ya bei, kwa wiki chache. Akanieleza kwamba takwimu zinachanganya kila kitu, kodi ya nyumba, nauli, karo. Mtu wa Nyalenda anayetumia pesa nyingi kwa chakula ana mfumuko wake mwenyewe.

Jirani yangu wa duka la kona hana raha. Yule aliyenishauri nibebe yote ninayoweza hakuwa peke yake na wazo hilo. Jirani alichukua mkopo wa benki wiki ile ya 107 akanunua jerikeni 30 kwa 3,450, na magunia ya mchele juu yake. Chumba chake cha nyuma kimejaa hadi dari. Hesabu yake ilikuwa kwamba jerikeni litafika 4,000 kabla ya Krismasi, naye atauza kwa bei ya siku.

Hesabu hiyo ina mlango mmoja tu wa kutokea. Dola ikiendelea kupanda, anapata. Ikisimama tu, si hata kushuka, anaumia, kwa sababu mkopo hausimami. Na leo riba imepanda. Mkopo wake ni wa riba inayobadilika. Alinionyesha karatasi aliyotia saini, na sentensi hiyo imo, herufi ndogo katikati ya ukurasa.

"Kaka, uza sasa hivi upunguze," nikamwambia. "Hata kwa faida ya shilingi mia."

"Nisubiri kidogo, Mama Duka. Krismasi inakuja."

Jumamosi, 19 Novemba

Simu ya asubuhi: 3,250. Nilidhani amekosea akarudia. Dola imerudi chini ya 100, ila jumla imechelewa kufuata. Ilipanda siku ile ile redio iliposema, kushuka imechukua wiki kadhaa. Mwenye jumla naye alikuwa na lori la bei ya juu, na hakuna anayekimbilia kushusha.

Hapa ndipo hesabu yangu ya 3 Oktoba inanidai. Nina jerikeni moja na nusu nililonunua kwa 3,450 wiki iliyopita. Kama bei ya dukani ni ya mzigo ujao, basi leo robo ni 45, hata kama mafuta haya niliyanunua ghali. Siwezi kusema mzigo ujao wakati wa kupanda na mzigo uliopo wakati wa kushuka.

Binti yangu alipinga. "Mama, si uyauze haya kwanza kwa 50, halafu ushushe?"

Nikamwambia alete kopo. Robo 117 mara shilingi 5 ni 585. Oktoba tatu tulichukua 585 kutoka kwa wateja kwa mafuta ambayo hatukuyanunua ghali. Leo tunaacha 585 kwa mafuta tuliyonunua ghali. Nilihesabu noti na sarafu mezani, nikazihamishia kwenye droo ya ununuzi. Kopo limebaki na 200 na duka halijapungua hata robo moja.

Nimefuta 50, nimeandika 45, kikopo cha mililita 55 kimerudi mezani. Kufika saa nne mama wa maandazi alikuwa amerudi mara ya pili na jirani zake wawili.

Alhamisi, 1 Desemba

Benki Kuu imefika asilimia 18. Mfumuko wa Novemba ni 19.72, juu kuliko wa Oktoba, ingawa dola inashuka. Watu dukani wanashangaa, mimi sishangai. Bei hupanda kwa ngazi ya kukimbia na kushuka kwa ngazi ya mzee.

Jirani ameletewa barua ya benki. Awamu yake ya mwezi imeongezeka. Bado anauza robo 50, kwa sababu kila jerikeni analiona na bei ya 3,450 na riba juu yake. Wateja wanapita mlangoni kwake wakija kwangu, na kila siku inayopita mafuta hayapungui na mkopo haupungui. Jana nilimshauri tena ashushe hadi 45, apate 60 kwa jerikeni, arudishe mtaji na kupunguza deni. Atapoteza riba lakini ataokoa duka. Akasema hawezi kuuza kwa hasara. Nikamwambia hasara ilishaingia siku ile dola iliposhuka. Kuuza hakuiongezi, kukaa nayo ndiko kunakoiongeza.

Jumamosi, 31 Desemba 2011

Dola inafunga mwaka karibu 85. Jerikeni ni 3,100.

Mama wa maandazi, ambaye sasa anafuata kiwango cha dola redioni kuliko mwalimu, amenibana. "Dola ilipokuwa zaidi ya 90 ulikuwa ukiniuzia 40. Leo ni 85 na bado 45. Hiyo ni nini?"

Swali la haki. Sehemu ya jibu iko kwa mwenye jumla. Umeme, dizeli ya lori na riba yake vimepanda na havijashuka, ndiyo maana 3,100 haijarudi kuwa 3,000. Nikiuza 40 nitapata 3,120, yaani shilingi 20 kwa jerikeni zima. Lakini kwa 45 nabaki na 410, na hizo ni nyingi kuliko inavyostahili. Tumekubaliana robo mbili kwa 85. Jerikeni linaleta 3,315, naachiwa 215. Kwa wa sarafu moja, nimerudisha kikopo cha zamani cha mililita 60, kile ambacho sikukitupa. Zile 200 za kopo zimefidia tofauti ya mafuta yaliyokuwepo, na kopo liko tupu kama lilivyopaswa kuwa.

Jirani alishusha juzi hadi 45. Amechelewa, lakini ameanza kupata wateja, na duka lake litasimama akivumilia hadi katikati ya mwaka.

Binti yangu atashika duka Januari nikienda nyumbani kwa mazishi ya shangazi, kwa hiyo namwandikia hapa kwa ufupi. Piga simu kabla ya kufungua. Gawa bei ya jerikeni lijalo, si ya hili, kwa robo 78. Nyongeza ya mzigo wa zamani iweke kopo, usiile. Robo usiiguse. Vitu vya dola usikopeshe kupita Jumamosi. Usinunue zaidi ya unachouza kwa wiki mbili, hata mwenye jumla akikwambia dunia inaisha. Na simu ikikwambia bei imeshuka, futa ubao asubuhi hiyo hiyo. Mwenye duka aliyepandisha kwa sababu ya dola, kisha dola ikashuka yeye asishuke, hakuwa akifuata dola. Wateja wa Nyalenda wanajua kutofautisha, na wanalipa kwa miguu yao.